Sura ya Tano: Sapu ya Aljebra Mstari, Wiki Nne Nyumbani Kwai

Matokeo yametoka. Kozi zote zimepita isipokuwa moja, na hiyo moja ni aljebra mstari. Sapu itafanyika mwishoni mwa likizo ndefu, kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa, na wewe umeshapanda milima ya Lushoto, uko nyumbani Kwai. Ni miezi ya baridi na ukame. Asubuhi ukungu unachelewa kuondoka, na mashamba ya bondeni yanataka kumwagiliwa, maana kabichi na hoho hazina habari kwamba una mtihani. Maktaba iko mbali, mhadhiri yuko mbali, mtandao unapatikana kwa kubahatisha. Una daftari la mihadhara, pasti pepa tatu au nne ulizopiga picha kwa simu, na wiki nne.

Kabla ya kufungua daftari, teremka Lushoto mjini ukachapishe hizo pasti pepa. Kusoma matriksi kwenye kioo cha simu ni kujitafutia makosa, kwa kuwa jicho linaruka safu na alama ya kutoa inapotea. Ukirudi, kaa na kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa rangi moja pigia mstari kila kipengele kinachosema kokotoa, tafuta, punguza. Kwa nyingine pigia mstari kila kinachosema thibitisha, onyesha kwamba, eleza kwa nini. Jumlisha alama za kila rangi. Mgawanyo utakaoupata ndio unaoelekeza mpango wako, wala usitegemee kumbukumbu ya wenzako waliosema mtihani ni hesabu tupu.

Wengi wakishafanya zoezi hilo huona kwamba kukokotoa kuna alama nyingi zaidi, wakaamua kuziacha thibitisho kabisa. Hoja yao ni kwamba sapu kwa kawaida haikupi zaidi ya C hata ukipata mia, kwa hiyo lengo ni kuvuka mstari tu. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, alama za kukokotoa hazivunwi zote. Kosa moja la ishara katika safu ya kwanza linaweza kuharibu kipengele (a), nacho kikaangusha (b) na (c). Pili, ukisoma vizuri utaona kwamba maswali mengi ya kukokotoa yana mkia, yaani tafuta vekta hizi, kisha ueleze kwa nini ni huru. Mkia huo ni uthibitisho, ila umevaa nguo za kila siku.

Mimi nadhani tatizo linaanzia mapema zaidi. Mwanafunzi huweka daftari moja la kukokotoa na jingine la thibitisho, akasoma la kwanza kwa kuandika na la pili kwa kukariri. Thibitisho zilizokaririwa hazidumu, maana hazijashikizwa mahali popote. Njia ninayoipendekeza hapa ni kuchukua matriksi chache, mbili au tatu kwa wiki nzima, na kuzifanyia kazi zote mbili: ukishakokotoa, uichungulie hesabu yako mwenyewe mpaka uone uthibitisho uliomo ndani yake. Nitaonyesha kwa matriksi moja jinsi njia hiyo inavyofanyika, kwa sababu kuelezea juu juu hakumsaidii mtu.

Ratiba yenyewe ni ndogo. Saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, ambazo kwa wiki tatu za kwanza ni saa arobaini na tano. Jumamosi iache kwa kazi za nyumbani na sokoni, Jumapili pumzika. Saa moja ya alfajiri, kabla ya kwenda shambani, iwe ya thibitisho, kwani akili bado haijachoka na nyumba imetulia. Saa mbili za jioni ziwe za kukokotoa, kazi ambayo mkono uliozoea unaweza kuifanya hata mwili ukiwa umechoka. Wiki ya kwanza iende hivyo. Wiki ya pili igeuze, saa mbili zipewe thibitisho. Wiki ya tatu gawa sawa. Ya nne inafuata mtihani wenyewe.

Wiki ya kwanza ni ya kupunguza matriksi kwa safumlalo, na karibu haina kingine. Karibu kila kitu katika kozi hii kinapita mlango huo: kutatua milinganyo, kutafuta inversi, ditaminanti, ranki, msingi wa nafasi-vekta, hata vekta aigeni za baadaye. Mkono usipouamini mlango huu, usiendelee mbele. Chukua matriksi hii, tuiite A:

```
1   2   1   3
2   4   3   7
3   6   4   10
```

Toa mara mbili ya safumlalo ya kwanza kutoka ya pili, utapata 0, 0, 1, 1. Toa mara tatu ya ya kwanza kutoka ya tatu, utapata tena 0, 0, 1, 1. Safumlalo mbili za chini zimefanana, kwa hiyo ukitoa ya pili kutoka ya tatu, ya tatu inakuwa sifuri tupu. Mwisho toa ya pili kutoka ya kwanza ili kusafisha juu ya pivoti. Umebaki na hii, tuiite R:

```
1   2   0   2
0   0   1   1
0   0   0   0
```

Hili ndilo umbo la ngazi: kila safumlalo inaanza ndani zaidi kuliko iliyo juu yake, kama matuta kwenye mteremko wa Usambara. Pivoti ziko safuwima ya kwanza na ya tatu. Ranki ni 2. Safuwima ya pili na ya nne hazina pivoti, kwa hiyo vigeu x2 na x4 ni huru.

Kosa linaloua watu hapa ni kufanya hatua mbili kwa mpigo, ya pili ikitumia safumlalo ambayo tayari imebadilika huku wewe ukitumia ile ya zamani. Dawa yake ni kuandika kando ya kila hatua nini kimefanyika, na kutogusa zaidi ya pivoti moja kwa kila matriksi unayoandika upya. Karatasi zitaisha haraka, lakini karatasi ni rahisi kuliko sapu.

Sasa tatua Ax = 0. Weka x2 = s na x4 = t. Kutoka safumlalo ya pili ya R, x3 = -t. Kutoka ya kwanza, x1 = -2s - 2t. Kila jibu basi ni s mara (-2, 1, 0, 0) kujumlisha t mara (-2, 0, -1, 1). Usiondoke kabla hujarudisha vekta hizo mbili kwenye A ya mwanzo, si kwenye R. Chukua ya pili: safumlalo ya kwanza inatoa -2 - 1 + 3 = 0, ya pili -4 - 3 + 7 = 0, ya tatu -6 - 4 + 10 = 0. Ukirudisha kwenye R, unahakiki hatua ya mwisho tu, na kosa la mwanzoni linabaki limejificha. Uhakiki huu unachukua chini ya dakika moja, na ni sehemu ya jibu lako kama ilivyo hesabu yenyewe.

Wengi huishia hapo, wakaweka tiki na kuhamia matriksi nyingine. Alfajiri ya kesho yake chukua karatasi hiyohiyo na ujiulize: nitajuaje kwamba vekta hizi mbili ni huru kimstari? Tazama nafasi ya pili na ya nne, zile za vigeu huru. Vekta ya kwanza ina 1 na 0, ya pili ina 0 na 1. Kwa hiyo ukichukua s mara ya kwanza na t mara ya pili, ukajumlisha, nafasi ya pili ya jumla ni s yenyewe na nafasi ya nne ni t yenyewe. Jumla hiyo ikiwa vekta sifuri, lazima s = 0 na t = 0. Umemaliza. Huo ni uthibitisho kamili, na hauhusu matriksi hii peke yake: vekta zinazozaliwa na vigeu huru siku zote zinapangwa hivyo, moja na sifuri kwenye nafasi zao. Ukiuandika kwa vigeu huru k badala ya viwili, umepata alama za swali zima.

Swali la pili la alfajiri ni gumu kidogo: msingi wa nafasi ya safuwima za A ni upi? Jibu ni safuwima ya kwanza na ya tatu za A ya mwanzo, yaani (1, 2, 3) na (1, 3, 4). Watahini hulipenda swali hili kwa sababu wanajua wanafunzi watachukua safuwima za R. Angalia kwa nini hilo haliwezi kuwa sahihi. Safuwima zote za R zina sifuri katika nafasi ya tatu, kwa hiyo hakuna mchanganyiko wake utakaozaa (1, 2, 3). Lakini R inajua jambo moja la kweli kuhusu A. Katika R, safuwima ya nne ni mara mbili ya ya kwanza kujumlisha ya tatu. Nenda kwenye A: 2 + 1 = 3, 4 + 3 = 7, 6 + 4 = 10. Uhusiano uleule. Sababu ni kwamba uhusiano kati ya safuwima si kitu kingine ila ni jibu la Ax = 0, na hatua za safumlalo hazibadilishi majibu ya Ax = 0. Hatua za safumlalo zinabadilisha safuwima zenyewe, lakini hazigusi mahusiano kati yake. Sentensi hiyo moja, ukiisema kwa maneno yako mwenyewe bila kutazama, ina thamani kubwa kuliko kurasa tatu za kukariri.

Kusema kwa maneno yako kuna faida nyingine. Mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, lakini hakuna sheria inayokukataza kufikiri kwa Kiswahili au Kisambaa. Mkalishe mdogo wako jikoni, umweleze fasili. Hahitaji kuelewa, anachohitaji ni kukuuliza kwa nini kila unapopumua. Mahali utakapokosa jibu ndipo uthibitisho wako una pengo. Ukishausema bila kukwama, uandike kwa Kiingereza kifupi cha mtihani. Fasili ndizo zinazopaswa kukaririwa neno kwa neno, na wiki hii ya kwanza zikariri zote: nafasi ndogo, uhuru wa kimstari, kuzalisha, msingi, kerneli, taswira. Ni chache. Uthibitisho wa kozi ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni fasili iliyofunguliwa pande mbili mpaka zikakutana katikati.

Wiki ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo niliyoipa saa nyingi zaidi za thibitisho. Mada ni mageuzo ya mstari, na kilele chake ni nadharia ya ranki na nuliti: vipimo vya kerneli kujumlisha vipimo vya taswira ni sawa na vipimo vya nafasi unayotoka. Kwa matriksi yetu, kerneli ina vipimo 2, taswira ina 2, na jumla ni 4, idadi ya safuwima. Kwa kuhesabu safuwima nadharia inaonekana ya kitoto: kila safuwima ama ina pivoti au haina. Lakini mtihani utauliza kuhusu mageuzo T kutoka V kwenda W, bila matriksi yoyote, na hapo ndipo watu huacha ukurasa mweupe.

Uthibitisho unaanza hivi. Chukua msingi wa kerneli, u1 hadi uk. Uongeze vekta v1 hadi vr mpaka uwe msingi wa V nzima. Kisha onyesha kwamba T(v1) hadi T(vr) ni msingi wa taswira. Ukifika hapo, k + r ni vipimo vya V, na kazi imekwisha. Badala ya kukariri hayo, weka A mezani. Msingi wa kerneli tunao tayari, vekta mbili za wiki ya kwanza. Za kuongeza tuchukue e1 = (1, 0, 0, 0) na e3 = (0, 0, 1, 0). A ikizidishwa na e1 inatoa safuwima ya kwanza, na ikizidishwa na e3 inatoa ya tatu. Hizo ndizo zilezile tulizoziita msingi wa nafasi ya safuwima wiki iliyopita. Uthibitisho wa jumla unaeleza kile ambacho mkono wako ulishafanya.

Kuna sehemu mbili za kuonyesha. Kwamba T(v1) hadi T(vr) zinazalisha taswira ni rahisi: chukua vekta yoyote ya V, iandike kwa msingi, ipitishe kwenye T, na vipande vyote vya u vinakuwa sifuri. Kwamba ni huru ndipo pana kona. Tuseme mchanganyiko wa T(v1) hadi T(vr), wenye skala c1 hadi cr, ni sifuri. Kwa kuwa T ni ya mstari, T ya mchanganyiko wa v wenye skala hizohizo ni sifuri. Maana yake mchanganyiko huo wa v uko ndani ya kerneli. Ukiwa ndani ya kerneli, unaandikika kwa vekta za u. Sasa una mchanganyiko wa v uliolingana na mchanganyiko wa u. Peleka vyote upande mmoja, na kwa kuwa u na v kwa pamoja ni msingi, skala zote ni sifuri, zikiwemo c.

Wanaokwama hukwama pale kwenye maneno "uko ndani ya kerneli". Wanafika kwenye T ya kitu ni sifuri, kisha wanasema kwa hiyo kitu hicho ni sifuri. Hiyo ni kweli pale tu kerneli inapokuwa na sifuri peke yake, na hapa haiko hivyo. Ukitaka kujua kama umeelewa, jiulize nini kingetokea kwa A: vekta (-2, 1, 0, 0) si sifuri, lakini A inaipeleka kwenye sifuri. Mfano huo mmoja, ukiwa umekaa kichwani, unakuzuia kuandika sentensi ya uongo.

Kwa thibitisho nyingine za wiki hii sina mengi ya kusema. Kwamba kerneli ni nafasi ndogo, kwamba mkutano wa nafasi ndogo mbili ni nafasi ndogo, kwamba T ni ya moja kwa moja ikiwa na pale tu kerneli ni sifuri: zote ni mistari mitano au sita, fungua fasili ufuate. Ziandike bila kutazama, funga daftari, rudia siku mbili baadaye. Ukihitaji mazoezi zaidi, kitabu cha aljebra mstari cha Jim Hefferon kinatolewa bure na mwandishi mwenyewe pamoja na kitabu cha majibu ya mazoezi. Kipakue siku mtandao ukikubali, ukiweke kwenye simu.

Wiki ya tatu ni ya thamani aigeni na vekta aigeni. Chukua matriksi ndogo, B:

```
4   1
2   3
```

Jumla ya ulalo mkuu ni 7, ditaminanti ni 12 - 2 = 10. Mlinganyo wa tabia ni λ² - 7λ + 10 = 0, na majibu ni 5 na 2. Kabla ya kwenda mbele hakiki: 5 + 2 = 7, 5 × 2 = 10. Jumla ya thamani aigeni lazima iwe jumla ya ulalo, na zao lake lazima liwe ditaminanti. Yasipolingana, rudi nyuma sasa hivi.

Kwa 5, toa 5 kwenye ulalo: safumlalo zinakuwa -1, 1 na 2, -2. Ya pili ni ya kwanza mara -2, kwa hiyo inapotea, na vekta ni (1, 1). Kwa 2, safumlalo zote mbili zinakuwa 2, 1, na vekta ni (1, -2). Hapa kuna kengele ya hatari nyingine. Ukitoa λ kwenye ulalo kisha ukapunguza, lazima angalau safumlalo moja iwe sifuri. Ukiona matriksi imepunguzika vizuri mpaka kila safumlalo ina pivoti, usifurahi. λ yako si thamani aigeni, umekosea juu.

Sasa uthibitisho: vekta aigeni za thamani mbili tofauti ni huru. Tuseme u ni ya 5, v ni ya 2, na au + bv = 0. Zidisha kwa B upande wa kushoto: 5au + 2bv = 0. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2: 2au + 2bv = 0. Toa: 3au = 0. Vekta aigeni kwa fasili si sifuri, kwa hiyo a = 0. Kinabaki bv = 0, kwa hiyo b = 0.

Simama kwenye hicho 3. Kimetoka wapi? Ni 5 - 2, tofauti ya thamani mbili. Kama thamani zingelingana kingekuwa sifuri, na uthibitisho ungevunjika palepale. Hiki ndicho kipimo bora ninachokijua cha kuukagua uthibitisho wako mwenyewe bila mhadhiri karibu: chukua kila sharti lililotolewa kwenye swali, utafute mstari ambao sharti hilo limetumika. Sharti ambalo halionekani popote lina maana mbili, ama swali limekupa zaidi ya ulichohitaji, jambo ambalo ni nadra, au umeruka kitu. Hapa masharti ni mawili. Kwamba thamani ni tofauti limetumika kwenye 3, na kwamba vekta si sifuri limetumika kwenye a = 0.

Kisha geuza swali. Thamani zikilingana, je, matriksi haiwezi kufanywa ya ulalo? Wengi watajibu ndiyo, na watakosa. Matriksi kitambulisho ina thamani 1 tu, imejirudia, na tayari ni ya ulalo. Lakini matriksi yenye safumlalo 2, 1 na 0, 2 ina thamani 2 iliyojirudia, na ukitoa 2 kwenye ulalo inabaki 0, 1 na 0, 0, ambayo inatoa mwelekeo mmoja tu, (1, 0). Hiyo haifanyiki ya ulalo. Beba mifano hiyo miwili pamoja. Swali la "kweli au si kweli, toa sababu" hujibiwa kwa mfano mmoja wa kupinga, na mwenye mifano mkononi hatumii hata dakika tatu.

Wiki hii ya tatu pia ndipo unapoacha kufanya mazoezi kwa mada. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida walichapisha jaribio ambapo wanafunzi walijifunza kukokotoa ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo moja mpaka liishe ndipo lihamie jingine, kundi la pili lilipewa yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa kwa mada walipata asilimia 89, waliochanganyiwa asilimia 60. Wiki moja baadaye kwenye jaribio, waliochanganyiwa walipata 63, na wale wengine 20. Maumbo si matriksi, lakini sababu inahamishika: ukifanya maswali kumi ya thamani aigeni mfululizo, hujizoezi kutambua kwamba swali ni la thamani aigeni, kwa kuwa kichwa cha ukurasa kimeshakuambia. Kata maswali ya pasti pepa vipande, yatie kwenye kikombe, chomoa. Utajiona umerudi nyuma kwa siku chache. Endelea.

Wiki ya nne si ya siku tano. Safari ya kutoka Lushoto, kupitia kona za kuteremkia Mombo hadi Dar es Salaam, inakula sehemu kubwa ya siku, na siku inayofuata kichwa bado kiko barabarani. Kwa hiyo hesabu siku nne za kazi. Siku ya kwanza na ya tatu fanya pasti pepa nzima kwa saa tatu bila kusimama, simu ikiwa chumba kingine. Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika moja na sekunde 48 kwa alama. Kipengele cha alama 10 kina dakika 18, na ukifikisha 18 hujamaliza, acha nafasi uhamie kingine. Siku ya pili na ya nne sahihisha. Usahihishe kwa ukali, hasa thibitisho: kila mstari uwe na sababu, fasili ipi au sharti lipi. Mstari wenye "ni dhahiri kwamba" hesabu kuwa sifuri mpaka uweze kueleza dhahiri hiyo. Mfano uliofanya kazi kwa matriksi moja, ukiwa umewekwa kama uthibitisho wa jumla, pia ni sifuri. Na uthibitisho ulioanza kwa kudhani kile ulichoambiwa uonyeshe ni sifuri hata ukiwa umeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kosa hili la mwisho ni gumu kuliona kwa aliyelifanya, kwa hiyo piga mstari chini ya sentensi ya kwanza ya kila uthibitisho na uilinganishe na swali.

Makosa yako ya pepa ya kwanza yatajaa upande mmoja. Yakijaa kwenye kukokotoa, rudi kwenye A kwa jioni moja, uipunguze upya na nyingine mbili kama yake, kwa uhakiki. Yakijaa kwenye thibitisho, usifungue thibitisho mpya. Chukua zile mbili za sura hii, ranki na nuliti na uhuru wa vekta aigeni, uziandike kutoka kichwani mpaka zitoke bila pengo. Thibitisho nyingi za mtihani wa mwaka wa kwanza ni ndugu za mojawapo ya hizo.

Chumbani mwa mtihani anza na swali la kukokotoa unaloliweza, mkono upate joto, lakini usiache thibitisho zote kwa nusu saa ya mwisho. Ziingize katikati, baada ya swali la pili. Ukikutana na uthibitisho ambao hujui unakoelekea, andika fasili ya kila neno lililomo, andika unachodhani na unachotakiwa kuonyesha, na ujaribu matriksi ndogo ya mbili kwa mbili pembeni uone kwa nini jambo hilo ni kweli hapo. Watahini wengi hutoa alama kwa fasili iliyo sahihi na kwa mwanzo ulio sahihi. Ukurasa mweupe haupewi kitu.